Siti Moja, Abiria Wawili: Maswali ya Kuuliza Kabla Programu Haijaandikwa

“Nataka abiria akate tiketi kwa simu.” Mwenye mabasi akishasema hivyo huona amemaliza. Biashara yake anaijua: ana mabasi manane yanayotoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, kwenda Mwanza kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Anajua nauli ya kila kituo, na anajua wakala gani huchelewesha hesabu. Kijana wa kompyuta anaandika ombi hilo kwenye daftari, wanapatana bei, na baada ya miezi mitatu programu inakuja. Inakwenda vizuri hadi Desemba, watu wanapofurika stendi kwenda makwao. Siku hiyo abiria wawili wanapanda basi moja, na kila mmoja ana ujumbe kwenye simu unaosema siti namba 14 ni yake.

Kampuni hii ni ya mfano, lakini mkasa wenyewe unafahamika kwa yeyote aliyewahi kutengeneza programu ya kuuza kitu chenye idadi maalumu. Hakuna aliyedanganya. Aliyeagiza alisema anachotaka, na aliyetengeneza akatengeneza alichoambiwa. Ila ombi lile lilieleza safari ya abiria mmoja, mwenye salio la kutosha na mtandao mzuri, anayenunua siti ambayo hakuna mwingine anayeitaka. Yaliyobaki yote kijana aliyakisia mwenyewe, usiku, akiwa peke yake mbele ya kompyuta.

Ili makisio hayo yapungue, watengenezaji wa programu wamejenga utaratibu wa kuandika maombi ya mteja kwa vipande vidogo viitwavyo hadithi za mtumiaji. Ulianzia katika mbinu ya kazi iliyokuzwa na Mmarekani Kent Beck na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1990, walipokuwa wakitengeneza mfumo wa mishahara wa kampuni ya magari ya Chrysler. Badala ya kitabu kinene cha masharti, kila hitaji liliandikwa kwenye kadi ya karatasi. Mwaka 2001 Ron Jeffries, aliyefanya kazi kwenye mradi huo huo, alieleza kuwa hadithi ina sehemu tatu: kadi, mazungumzo na uthibitisho. Kadi inakumbusha tu kwamba kuna jambo la kuzungumzwa. Mazungumzo ndiyo yanayotoa maelezo. Uthibitisho ni orodha ya mambo ambayo mteja atayajaribu kabla ya kuipokea kazi, nayo huitwa vigezo vya kukubali.

Kadi ya yule mwenye mabasi ingeweza kusomeka hivi: “Kama abiria aliye mbali na stendi, nataka kuchagua siti na kulipa kwa simu, ili nisipoteze nusu siku kufuata tiketi.” Muundo huu wa nani, anataka nini na kwa sababu gani ulianzia katika kampuni ya Connextra ya London mwaka 2001, na sasa umeenea karibu kote. Lakini hata ukiandikwa vizuri namna gani, hausemi lolote kuhusu siti namba 14. Hilo hutoka kwenye mazungumzo, mchambuzi anapoliondoa swali katikati ya barabara na kulipeleka pembezoni.

Hali za pembezoni ni zile zinazotokea mwishoni mwa idadi, mwishoni mwa muda, au pale jambo linapokatika katikati. Katika basi la siti 49, kuuza siti ya ishirini hakumsumbui mtu. Ya 49 ndiyo yenye mambo, kwa sababu wanaoitaka wanaweza kuwa wawili. Vivyo hivyo malipo yanayokubaliwa papo hapo hayana shida, ila yale yanayofika yakiwa yamechelewa.

Mchambuzi anayeijua kazi yake hamuulizi tajiri, kama wafanyakazi wa mabasi wanavyomwita mwenye gari, “Kuna hali nyingine yoyote, mzee?” Jibu la swali hilo karibu kila mara ni “Hapana, ni hayo tu.” Yeye huja na tukio lenye saa na namba. Kwa mfano: “Mzee, imebaki siti moja. Saa 3:00 asubuhi abiria wa Kibaha anaichagua. Ujumbe wa kuweka namba ya siri unamfikia, lakini mtandao unayumba na anaweka namba saa 3:09. Sisi tunapata taarifa ya malipo saa 3:12. Katikati hapo, saa 3:11, mtu mwingine ameitaka siti ile ile. Tumpe nani?”

Tajiri anajibu kwamba ni ya aliyetangulia. Mchambuzi hamwachi. Aliyetangulia kuchagua au aliyetangulia kulipa? Kama ni kuchagua, mtu anaweza kuchagua siti zote 49 akalala, na basi likaondoka tupu. Kama ni kulipa, abiria wa Kibaha amekatwa fedha na siti hana. Hapo tajiri anakaa vizuri kwenye kiti, kwa kuwa sasa anaulizwa jambo la biashara, si la kompyuta. Anaamua siti ishikiliwe kwa dakika 10. Zikipita bila malipo iachiwe, na fedha itakayofika baadaye isibaki hewani: abiria apewe siti nyingine kama ipo, au arudishiwe.

“Je, kama ni mama aliyekata siti mbili za pamoja ili akae na mtoto wake?” Tajiri anafikiri, kisha anasema mama huyo aulizwe kwanza, asipangiwe tu. Jibu hilo moja linabadilisha programu, kwa sababu badala ya kuhamisha siti yenyewe, sasa inapaswa kutuma ujumbe, kusubiri jibu, na kujua la kufanya jibu lisipokuja. Mwisho wa mazungumzo hayo, nyuma ya kadi yanaandikwa haya:

1. Siti ikichaguliwa inashikiliwa kwa dakika 10, na ndani ya muda huo hakuna abiria wala wakala mwingine anayeweza kuiuza.
2. Malipo yakithibitishwa ndani ya dakika 10, abiria anapata tiketi kwa ujumbe wa simu wenye namba ya siti, tarehe na saa ya kuondoka.
3. Malipo yakithibitishwa baada ya dakika 10 na siti bado iko wazi, abiria anapewa siti hiyo hiyo.
4. Malipo yakithibitishwa baada ya dakika 10 na siti imeshauzwa, abiria anaulizwa achague siti nyingine iliyo wazi au arudishiwe fedha. Asipojibu ndani ya saa moja, fedha yote inarudi kwenye namba iliyolipa.
5. Taarifa ya malipo hayo hayo ikifika mara mbili, tiketi inayotolewa ni moja.

Kigezo cha tano hakikutoka kwa tajiri. Amekileta mtengenezaji, anayejua kwamba mitambo ya malipo, isipopata jibu haraka, huweza kutuma taarifa ile ile kwa mara ya pili. Mazungumzo haya yana pande mbili: mteja anajua abiria hufanya nini, na fundi anajua mashine hufanya nini. Upande mmoja ukikosekana mezani, orodha hutoka na tundu.

Lakini hata vigezo hivi vitano haviizuii siti 14 kuuzwa mara mbili. Inabidi aulizwe wakala wa stendi. Yeye anaeleza kuwa kituo cha Shinyanga kinauza kwa kitabu cha karatasi mtandao unapokatika, na orodha huipiga kwa simu jioni. Dakika 10 za kushikilia siti hazina maana yoyote mbele ya kalamu na kitabu. Dawa iliyopatikana haikuhitaji ufundi: siti sita za nyuma, namba 44 hadi 49, zitengwe kwa ajili ya vitabu vya karatasi, na programu isiziuze kamwe hadi saa moja kabla ya basi kuondoka. Katika saa hiyo ya mwisho, wakala wa Shinyanga hauzi tena kwa kitabu. Hicho nacho ni kigezo, na sehemu yake inamhusu binadamu, si mashine.

Swali la pili la pembezoni lilihusu abiria anayeshukia njiani. Tajiri alikuwa ameshasema kwamba basi lina siti 49, kwa hiyo tiketi ni 49. Mchambuzi akamgeukia konda: “Kaka, mtu wa Dodoma akishuka, siti yake inakwenda tupu hadi Mwanza?” Konda akamwangalia tajiri kwanza, kisha akasema haijawahi kwenda tupu hata siku moja. Pale Dodoma kuna watu wanaosubiri, na nauli wanalipa mkononi.

Jibu la konda lilipindua kazi nzima. Kumbe basi haliuzi siti 49, linauza siti 49 katika vipande vitano vya njia: Dar es Salaam hadi Morogoro, Morogoro hadi Dodoma, Dodoma hadi Singida, Singida hadi Shinyanga, na Shinyanga hadi Mwanza. Siti moja kwa kipande kimoja ndicho kitu kinachouzwa, na vitu hivyo ni 245. Siti inayokwenda Mwanza lazima iwe wazi katika vipande vyote vitano. Ya Dodoma inahitaji viwili vya kwanza tu, na vitatu vinavyobaki vinaweza kuuzwa kwa mwingine.

Kwa mtengenezaji, tofauti hiyo iko kwenye msingi wa programu, mahali panapotunzwa kumbukumbu za siti. Ikijulikana siku ya kwanza, inaongeza siku chache za kazi. Ikijulikana baada ya miezi mitatu, kumbukumbu hizo, hesabu za nauli, picha ya siti kwenye skrini na ripoti za mapato vyote vinafumuliwa. Ndiyo maana wachambuzi huanza na maswali yanayoweza kubadilisha msingi: ni kitu gani hasa kinauzwa, kinahesabiwa vipi, na ni nani mwingine anayekiuza. Rangi ya kitufe inaweza kusubiri.

Hadithi yenyewe nayo ilikua mno, ikabidi ikatwe. Ya kwanza ikabaki ya abiria anayekwenda mwisho wa safari. Ya pili ikawa ya abiria anayeshukia njiani, na ya tatu ya anayepandia njiani. Kila moja ina vigezo vyake, na tajiri anaweza kuipokea ya kwanza ikaanza kuingiza fedha wakati nyingine zinatengenezwa, mradi msingi umewekwa kwa vipande tangu mwanzo.

Kisha kuna saa. Tajiri alisema, “Akighairi siku moja kabla, tunamrudishia asilimia 80.” Basi linaondoka Ijumaa saa 12 asubuhi. Abiria anaghairi Alhamisi saa 2 usiku. Kwa kalenda, hiyo ni siku moja kabla. Kwa saa, ni saa 10 tu. Tajiri alipoulizwa kwa nini aliweka sharti hilo, alisema anahitaji muda wa kuiuza siti tena. Basi kinachohesabiwa ni saa, si siku, na kigezo kikaandikwa: akighairi zikiwa zimebaki saa 24 au zaidi, anarudishiwa asilimia 80, zikiwa chini ya 24, harudishiwi. Neno “au zaidi” lina kazi yake hapo, kwani bila hilo anayeghairi Alhamisi saa 12 kamili asubuhi angeachwa bila jibu, na mtengenezaji angemwamulia. Kwa nauli ya shilingi 60,000, abiria anapata 48,000, na gharama ya kuituma inabebwa na kampuni. Hilo la gharama lilikuwa halijasemwa na mtu.

Ratiba za usiku zilileta mengine. Mwaka 2023 Serikali ya Tanzania iliruhusu tena mabasi ya abiria kusafiri usiku, baada ya zuio lililodumu tangu miaka ya 1990. Programu iliyojengwa kwa dhana kwamba mabasi yote huondoka mchana ingejikuta na tatizo jipya. Basi la saa 6:30 usiku “Jumamosi” ni la lini? Kompyuta inahesabu kuwa Jumamosi imeanza nusu saa iliyopita. Abiria aliyezoea kuhesabu usiku kama mwisho wa mchana anaweza kufika stendi Jumamosi usiku, basi lake likiwa limeondoka karibu saa 24 zilizopita. Kigezo kilichokubaliwa ni kwamba kwa mabasi yote yanayoondoka kati ya saa 6:00 na saa 11:59 usiku, tiketi iandike “usiku wa kuamkia Jumamosi” pamoja na tarehe, na ujumbe wa kukumbusha utumwe saa sita kabla ya safari.

Maswali ya namna hii hayana mwisho, na hapo ndipo wengine huzama. Kikao kinachoanza na tiketi kinaweza kuishia kwenye abiria mwenye kuku wawili na godoro. Mwaka 2015 Mwingereza Matt Wynne alieleza njia ya kukizuia kikao kisipotee, kwa kadi za rangi nne. Ya njano ni hadithi yenyewe. Za buluu ni kanuni, kwa mfano “siti inashikiliwa dakika 10”. Za kijani ni mifano inayoonyesha kanuni hiyo ikifanya kazi, kama ule wa abiria wa Kibaha. Nyekundu ni maswali ambayo hakuna aliyeko mezani anayeweza kuyajibu. Kwa hadithi moja, kikao kama hicho kinakusudiwa kuchukua takriban dakika 25.

Kadi zenyewe husema hali ya kazi. Za buluu zikijaa meza, hadithi ni kubwa mno, ikatwe. Kanuni moja ikihitaji mifano mingi kupindukia, huenda ndani yake zimejificha kanuni mbili. Nyekundu zikizidi, kazi haijafikia kuanza, na mtu apewe jukumu la kutafuta majibu. Katika kikao cha mabasi nyekundu zilikuwa tatu, na moja iliuliza: gari likiharibika Singida likaletwa lenye mpangilio tofauti wa siti, nani anahamia wapi? Tajiri alisema konda ataendelea kupanga kwa mdomo kama zamani. Hilo ni jibu halali. Si kila hali ya pembezoni inahitaji programu. Nyingine, hasa zinazotokea kwa nadra na zenye mtu wa kuamua papo hapo, ni nafuu zaidi kuachiwa binadamu. Kinachotakiwa ni iandikwe kwamba imeachwa kwa makusudi.

Vigezo vibaya navyo hutambulika mapema. “Programu iwe ya haraka” au “iwe rahisi kutumia” haviwezi kupimwa; siku ya makabidhiano mteja atasema ni nzito, fundi atasema ni nyepesi, na wote watakuwa na haki. Kipimo chake ni chepesi: wape watu wawili kigezo kile kile na programu ile ile, kila mmoja ajaribu peke yake. Wakitofautiana kama imefaulu au imeshindwa, kigezo hakijakamilika. Kosa la upande wa pili ni kuamuru umbo badala ya tokeo. “Kuwe na kitufe chekundu cha kughairi juu kulia” kinaweza kutimizwa neno kwa neno huku fedha ya abiria haijarudi.

Yapo pia ambayo maswali hayawezi kuyafikia. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia mwaka 2005 kama njia ya wakopaji wadogo kulipa marejesho ya mikopo yao. Katika majaribio hayo watu walianza kutumiana fedha wao kwa wao, na huduma ilipozinduliwa ikasimama juu ya matumizi hayo. Kwa hiyo baada ya vikao vyote, toleo la kwanza la tiketi linafaa kupelekwa kwenye basi moja la njia moja kwa wiki kadhaa, na mtu akae stendi akiangalia watu wanavyolitumia. Yatakayoonekana hapo yataandikwa kwenye kadi mpya.

Kwa mfanyabiashara anayekaribia kulipa malipo ya awali ya programu, mambo mawili ya kudai ni haya. Kwanza, kila kipande cha kazi kiambatane na vigezo vilivyoandikwa kwa Kiswahili anachokielewa, vyenye namba, muda na kiasi, kisha mkataba useme kuwa malipo ya mwisho yatatoka vigezo hivyo vikishajaribiwa mbele yake. Pili, kikaoni aje na konda, wakala wa stendi na mhasibu, maana siti inayouzwa Dodoma saa 8 mchana hamjui tajiri. Na kama kijana wa kompyuta ametaja bei bila kuuliza swali hata moja kuhusu siti ya mwisho, malipo yaliyochelewa au safari iliyoghairiwa, bei hiyo isisainiwe bado.